Kusoma rasimu kwa sauti: kinachonaswa na sikio na kinacholipita

Ushauri wa "isome kwa sauti kabla hujaituma" hutolewa mara nyingi na walimu wa insha, wahariri na makatibu wa ofisi, lakini ni nadra mtoa ushauri kueleza kinachotakiwa kufanyika hasa. Matokeo yake kila mtu huuelewa kwa namna yake. Wako wanaodhani ni zoezi la watoto wa darasa la pili ambao bado wanafuatisha herufi kwa kidole, wako wanaodhani ni kuhutubia, na wako waliojaribu, wakaipitia barua yao kwa kunong'ona huku wakiwaza mengine, wakaituma, na bado ikarudi na maswali. Mkanganyiko huo huonekana zaidi kwenye matangazo yanayosambazwa katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, ya wapangaji na ya vikundi vya kuweka na kukopa, ambamo tangazo la aya moja hufuatwa na mfululizo wa ujumbe wa kuuliza ni saa ngapi, nani anahusika, na kama lililoandikwa ni taarifa au ni swali. Makala haya yanachukua tangazo moja la aina hiyo na kulisoma kwa sauti hadi mwisho, ili ionekane njia hii inanasa nini, inanasaje, na inaishia wapi.

Tuanze na maneno yenyewe. Rasimu ni andiko ambalo mwandishi bado anaweza kulibadilisha: barua ambayo haijatiwa saini, tangazo ambalo halijasambazwa, ripoti ambayo bado haijatoka kwenye kompyuta. Mwendo wa sentensi, ambao wengine huuita mdundo, ni jinsi maneno yanavyofuatana mdomoni: wapi sauti inapanda, wapi inashuka, wapi msomaji anapumzika na wapi anasukumwa mbele. Uakifishaji ni matumizi ya alama kama nukta, mkato, nukta-mkato na alama ya kuuliza, ambazo humwonyesha msomaji jinsi sehemu za sentensi zinavyogawanyika na kuungana. Kusoma kwa sauti, kwa maana inayotumika hapa, ni kutamka kila neno kama lilivyoandikwa, hata pale mwandishi anapojua kwamba alikusudia kuandika kitu kingine. Sehemu hiyo ya mwisho ya maana ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofanya wengi waseme wamesoma kwa sauti na hawakuona kosa lolote.

Ili kuelewa kwa nini sauti inahitajika, inafaa kujua jicho linavyofanya kazi linaposoma kimya. Jicho haliendi juu ya mstari kwa mwendo mmoja ulionyooka. Linatua, linakaa kwa takriban robo ya sekunde, kisha linaruka herufi kadhaa mbele na kutua tena. Maneno mafupi yanayotumika sana, kama "na", "ya", "wa" na "kwa", mara nyingi hurukwa, na akili huyajaza yenyewe kwa kukisia kutokana na maneno ya jirani. Ukisiaji huo si kasoro, kwani bila huo gazeti la kurasa chache lingemaliza asubuhi nzima. Shida huanza pale msomaji anapokuwa ndiye mwandishi, kwa sababu hakuna anayeweza kukisia maneno ya andiko vizuri kuliko aliyeyatunga. Yeye hupita katika andiko lake kama mwenye nyumba anavyotembea gizani: anajua kigoda kiko wapi, anakizunguka bila kukigusa, na hajui kwamba mgeni atakayeingia nyuma yake atajikwaa nacho.

Ulimi hauna uhuru huo wa kuruka. Ili neno lisikike, mdomo lazima uunde kila silabi yake, na katika Kiswahili, ambacho maandishi yake yanafuatana na matamshi kwa karibu sana, karibu kila herufi iliyo kwenye karatasi inadai sehemu yake mdomoni. Kwa sababu hiyo kasi hupungua: barua ya maneno 300 ambayo jicho huimaliza kwa dakika moja na nusu hivi, huchukua dakika tatu au karibu na hapo ikisomwa kwa mwendo wa msomaji wa taarifa ya habari. Zaidi ya kasi, sikio hupokea maneno hayo kutoka nje, na kwa kiasi fulani mwandishi hugeuka kuwa msikilizaji wa mtu mwingine. Wasomaji wa habari redioni hupitia maandishi yao kwa sauti kabla ya kuingia hewani kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa wakijikwaa mbele ya kipaza sauti hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Sasa tuchukue tangazo lenyewe. Ni la kubuni, lakini yeyote aliyewahi kuwa katika kundi la wazazi atalitambua:

> Kamati ya wazazi inapenda kuwataarifu wazazi wote wa wanafunzi wa darasa la nne na la saba kuwa kutakuwa na kikao cha wazazi ambacho kitafanyika siku ya Jumamosi katika ukumbi wa shule kuanzia saa 9:00 asubuhi ambapo wazazi watajadili mchango wa chakula cha wanafunzi ambao kwa sasa umefikia shilingi 15,000 kwa mwezi na pia wazazi ambao hawajakamilisha mchango wa muhula uliopita wanaombwa kukamilisha mchango huo kabla ya kikao. Hatutaahirisha kikao kama tulivyofanya mwezi uliopita. Maombi ya wazazi wanaotaka kulipa kwa awamu kutokana ugumu wa maisha uliosababishwa na kuchelewa kwa mvua utapokelewa na mwalimu mkuu. Siku hii inawafaa wote.

Kwa macho, tangazo hili linapita. Halina neno lililoandikwa vibaya, na msomaji mwenye haraka ataelewa kwamba kuna kikao, kuna michango na kuna mwalimu mkuu. Lakini likisomwa kwa sauti, jambo la kwanza kulalamika ni pumzi. Sentensi ya kwanza ina maneno 67 na haina mkato hata mmoja, kwa hiyo msomaji hulazimika kujichagulia mwenyewe mahali pa kupumua, na kila anapopumua pasipo mahali pake, maana hukatika. Akipumua baada ya "chakula cha wanafunzi", neno "ambao" linalofuata husikika kama linawarejelea wanafunzi, mpaka "umefikia" lije kumsahihisha kwamba kilichokusudiwa ni mchango. Jicho hulisahihisha hilo kimyakimya kwa sekunde isiyotimia, ilhali sauti husita, na kusita huko ndiko anakokutafuta mwandishi anayesoma rasimu yake. Kila ulimi unaposita, unaporudia neno au unapoongeza kasi bila kutaka ili ufike mwisho wa sentensi, hapo pana jambo la kuangaliwa, hata kama mwandishi hawezi bado kulitaja kwa jina.

Watunzi wa tenzi wana kipimo chao kwa jambo hili, kwani kwa kawaida kila kipande cha ubeti kina mizani 8 na mtunzi huihesabu mdomoni, kwa silabi zinazotamkwa. Nathari haina hesabu ya namna hiyo. Hakuna kanuni inayosema sentensi isizidi maneno mangapi, na sentensi ndefu iliyogawanywa vizuri husomeka bila shida yoyote. Kinachochosha katika sentensi ya tangazo letu ni kwamba vipande vyake vyote vimeunganishwa kwa njia moja: "ambacho", kisha "ambapo", kisha "ambao", kisha "na pia", kisha "ambao" tena. Kila kiunganishi humwambia msikilizaji kwamba bado jambo halijaisha, na baada ya mara tatu au nne msikilizaji huanza kusubiri nukta badala ya kusikiliza habari.

Jambo la pili linalosikika ni urudiaji. Katika sentensi hiyo hiyo "wazazi" limetajwa mara tano na "mchango" mara tatu, na pale mwanzoni "kuwa kutakuwa" huunguruma mdomoni kama injini iliyogoma kuwaka. Hapa lakini panahitaji uangalifu, kwa sababu imani moja iliyoenea ni kwamba kila neno likirudiwa ni kosa na dawa yake ni kutafuta kisawe. Katika Kiswahili sarufi yenyewe inarudia sauti. Tukisema "vitabu vyangu vyote vipya vimepotea", sauti ya "vi" na "vy" imejitokeza mara tano na hakuna kosa lolote. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, yaani utaratibu wa maneno yote yanayohusu nomino moja kuvaa alama ya ngeli yake. Vivyo hivyo, katika mkataba wa pango mtu aliyeitwa "mpangaji" katika kifungu cha kwanza lazima aendelee kuitwa mpangaji hadi saini, maana akigeuka "mkazi" katika kifungu cha nne, wakili wa upande wa pili anaweza kudai kwamba ni mtu mwingine. Urudiaji unaostahili kuondolewa ni ule usiofanya kazi. Katika tangazo hili, kikao kilichoitishwa na kamati ya wazazi kwa ajili ya wazazi hakihitaji kuitwa tena "kikao cha wazazi", na baada ya kutaja mchango wa muhula uliopita inatosha kusema "kufanya hivyo". Sikio litakwambia tu kwamba neno limerudi. Ni mwandishi mwenyewe atakayeamua kama lilirudi kwa kazi au kwa uvivu.

Tukifika sentensi ya tatu, mambo mawili hujitokeza kwa mpigo. Kwanza, kati ya "kutokana" na "ugumu" hakuna "na". Neno hilo ni miongoni mwa yale ambayo jicho huyaruka, na msomaji wa kimya hulijaza bila kujua kwamba halipo. Msomaji wa sauti naye anaweza kulijaza, na hili ni muhimu kulikiri: mdomo wa mwandishi nao hukisia kama jicho lake, na atatamka "kutokana na ugumu" huku karatasi ikisema vingine. Ndiyo maana wahariri wengi hushauri kuweka kidole au kalamu chini ya kila neno linapotamkwa. Kidole hakisaidii ulimi kutamka. Kinauzuia kutamka kisichokuwepo. Mtu mzima anayeona aibu kufanya hivyo ofisini anaweza kutumia ukingo wa karatasi nyeupe na kuushusha mstari mmoja mmoja, nayo kazi itafanyika.

Pili, sentensi inaanza na "Maombi" na inafika kwenye "utapokelewa", wakati maombi yanapaswa "kupokelewa" kwa kiambishi cha ngeli yake: "yatapokelewa". Kati ya nomino na kitenzi chake pameingia maneno 15, na miongoni mwake umo "ugumu wa maisha uliosababishwa", uliomvuta mwandishi hadi kwenye kiambishi cha "u". Hili ni kosa linalopatikana sana katika maandishi rasmi ya Kiswahili, na halitokani na kutojua ngeli. Mtu yuleyule angeulizwa "maombi utapokelewa au yatapokelewa?" angejibu bila kufikiri. Ni umbali ndio uliomfanya asahau alianza na nini. Unaposoma kwa sauti kwa mwendo wa wastani, nomino ya mwanzo huwa bado iko masikioni kitenzi kinapofika, mradi sentensi isiwe ndefu kupita kiasi. Na ikiwa ni ndefu kiasi kwamba hata kwa sauti umesahau kiima, basi tatizo si kiambishi tena, ni sentensi nzima. Njia ya kuhakikisha ni kuisoma upya ukiacha vya katikati: "Maombi … utapokelewa na mwalimu mkuu." Hapo hakuna sikio linalokosea.

Kosa la aina hii huzaliwa pia wakati wa kusahihisha, jambo ambalo watu hawalitarajii. Mwandishi akiamua kubadilisha "kikao" kiwe "mkutano", hufuta neno moja na kuandika jingine, lakini "ambacho kitafanyika" hubaki nyuma na viambishi vya zamani, na tangazo hutoka likisema "mkutano ambacho kitafanyika". Kwa hiyo kila ukibadilisha nomino, isome sentensi yote tena kwa sauti, pamoja na ile inayofuata, kwa kuwa viwakilishi kama "hicho" na "chake" huweza kuwa vimevuka nukta na kuingia upande wa pili.

Turudi kidogo juu, kwenye saa. Tangazo linasema "saa 9:00 asubuhi". Mwandishi alitazama simu yake, akaona tarakimu, akazinakili. Jicho likiziona hupita, kwa sababu tarakimu husomwa kama picha. Mdomo hauwezi kutamka picha. Lazima useme "saa tisa asubuhi", na mtu aliyekulia katika Kiswahili husimama hapo hapo, kwani saa tisa ni ya alasiri au ya usiku wa manane, na asubuhi hiyo iliyokusudiwa ni saa tatu. Nusu ya wazazi wangefika saa tatu asubuhi kwa kukisia, na wengine wangeuliza kama kikao ni cha alasiri. Manufaa haya hupatikana kwa tarakimu zote ikiwa utazitamka kikamilifu: "15,000" itamkwe "elfu kumi na tano", maana sifuri iliyozidi au kupungua haionekani haraka kama inavyosikika. Anayesoma kwa sauti halafu akifika kwenye namba akapitisha jicho tu, amejinyima sehemu yenye faida kubwa ya zoezi lote.

Sentensi ya pili ni fupi na haina kosa la sarufi: "Hatutaahirisha kikao kama tulivyofanya mwezi uliopita." Isome mara mbili. Katika usomaji mmoja, sauti hutilia mkazo "hatutaahirisha" na kusonga moja kwa moja hadi mwisho, na maana yake ni kwamba mwezi uliopita kikao kiliahirishwa na safari hii jambo hilo halitarudiwa. Katika usomaji wa pili, sauti hutua kidogo baada ya "kikao", na maana yake ni kwamba mwezi uliopita pia hakikuahirishwa. Mwandishi, kwa kuwa anajua kilichotokea mwezi uliopita, huisikia sentensi yake kwa namna moja tu. Mkato ungeelekeza msomaji kwenye maana ya pili, lakini maana ya kwanza haina alama ya kuilinda. Kuiacha bila mkato hakuondoi shaka. Pale ambapo sentensi moja inakubali kusomwa kwa sauti mbili zenye maana tofauti, ni salama zaidi kuivunja na kuiandika upya kuliko kuipachika alama: "Mwezi uliopita tuliahirisha kikao, safari hii hatutaahirisha."

Mwisho kabisa tangazo linasema: "Siku hii inawafaa wote." Ukisoma kwa macho hiyo ni taarifa, tena yenye kiburi kidogo, kana kwamba kamati imekwisha waamulia watu. Mwandishi alipoiandika alikuwa anauliza. Katika Kiswahili swali la ndiyo au hapana linaweza kuwa na maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama taarifa. Kinachotofautisha ni kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na katika maandishi kiimbo hicho hubebwa na alama ya kuuliza peke yake, labda ikisaidiwa na "je" mwanzoni. Alama ikianguka, swali limekufa. Mwandishi anayesoma kwa sauti ataisikia sauti yake ikipanda mwishoni, na hapo ndipo atakapotazama karatasi na kuona nukta. Hii ndiyo sababu kunong'ona hakutoshi: mdomo unaonong'ona huunda silabi zote na hunasa maneno yaliyokosekana, lakini mnong'ono hauna kupanda na kushuka kwa sauti halisi, hivyo swali na taarifa husikika karibu sawa.

Habari ya alama inatufikisha kwenye imani nyingine iliyoenea, kwamba mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, na kwa hiyo anayesoma kwa sauti aweke mkato kila anapotua. Wengi wetu tuliambiwa hivyo shuleni, na kwa mtoto anayejifunza ni msaada wa kuanzia. Kwa mwandishi mzima ni mtego. Sauti hutua kwa kawaida baada ya kiima kirefu, na mtu anayefuata pumzi yake ataandika: "Wazazi wote wa wanafunzi wa darasa la saba, wanaombwa kufika." Mkato huo umetenganisha kiima na kitenzi chake, na hauna kazi yoyote. Madhara yake huonekana zaidi kwenye vishazi vya "ambao". Tukiandika "Wazazi, ambao hawajakamilisha mchango, hawataingia", tumesema kwamba wazazi wote wana deni na wote watazuiwa. Tukiondoa mikato, wanaozuiwa ni wale wenye deni tu. Wanaotua hapo kwa ajili ya pumzi hubadilisha idadi ya watu watakaosimamishwa getini. Kwa hiyo kutua kwa sauti kuchukuliwe kama ishara ya kuangalia, na jibu huweza kuwa mkato, nukta, kugawanya sentensi, au kutofanya chochote.

Kuhusu namna ya kufanya, mambo machache yanatosha. Kama muda upo, acha rasimu ikae hata kwa saa moja ukifanya kazi nyingine, kisha ibadilishe sura: ichapishe, au kama iko kwenye simu, kuza herufi ili mistari ikatike mahali pengine. Soma kwa sauti ya kumwelezea mtu aliye upande wa pili wa meza, kwa mwendo usiokimbia. Unapokwama, weka alama pembeni na uendelee. Usisimame kusahihisha, kwa sababu ukisimama unapoteza mwendo, na mwendo ndio uliokuwa unaupima. Ukifika mwisho ndipo urudi kwenye alama zako, uzirekebishe, kisha usome tena sehemu zilizoguswa. Kwa andiko la kurasa nyingi, kusoma lote kwa mkupuo huchosha sauti na baada ya muda fulani ulimi huanza kupita juu juu kama jicho. Ni afadhali kusoma sehemu sehemu, na kuipa nafasi ya kwanza sehemu ambayo watu wataitegemea kuchukua hatua.

Kuna wanaosema kwamba kazi hii hufanywa na kikagua tahajia cha kompyuta. Kifaa hicho hulinganisha neno na orodha yake ya maneno, na katika tangazo letu hakingekuta la kulalamikia hata moja, kwa kuwa "utapokelewa" ni neno sahihi, "kutokana" ni neno sahihi na "9:00" ni saa sahihi. Kwa upande mwingine, sauti nayo ina upofu wake mahali ambapo kikagua tahajia kinaona. "Kwasababu" na "kwa sababu" husikika sawa, kama zinavyosikika "kwahiyo" na "kwa hiyo". Mtu ambaye katika matamshi yake "l" na "r" hubadilishana, au "dh" husikika kama "z", hatasikia kosa akiandika anavyotamka. Herufi kubwa hazina sauti. Kwa hiyo tahajia ipitiwe kwa macho, kivyake.

Baada ya masahihisho yote hayo, tangazo linakuwa hivi:

> Kamati ya wazazi inawataarifu wazazi wa darasa la nne na la saba kuwa kikao kitafanyika Jumamosi katika ukumbi wa shule, kuanzia saa 3:00 asubuhi. Tutajadili mchango wa chakula cha wanafunzi, ambao kwa sasa ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mzazi ambaye bado hajakamilisha mchango wa muhula uliopita anaombwa kufanya hivyo kabla ya siku hiyo. Mwezi uliopita tuliahirisha kikao. Safari hii hatutaahirisha. Wanaotaka kulipa kwa awamu kutokana na ugumu wa maisha uliosababishwa na kuchelewa kwa mvua wapeleke maombi yao kwa mwalimu mkuu. Je, siku hii inawafaa wote?

Sentensi ya kwanza imeshuka kutoka maneno 67 hadi 24, na tangazo zima linasomeka bila kusita. Hata hivyo bado lina kasoro mbili, na sikio halikuziona wala halikutarajiwa kuziona. Ya kwanza ni kwamba hakuna tarehe: mzazi atakayelisoma siku ya Ijumaa jioni hatajua kama Jumamosi hiyo ni kesho au ni wiki ijayo. Ya pili ni kwamba kamati imesema haitaahirisha kikao, kisha ikauliza kama siku inawafaa wote, na mzazi atakayejibu kuwa haimfai hana pa kupelekwa. Sauti hupima jinsi kilichoandikwa kinavyokwenda. Kilichosahaulika hakina silabi za kutamkwa, na hoja mbili zinazogongana huweza kupita mdomoni kwa ulaini kabisa ikiwa kila moja imeandikwa vizuri. Kwa kasoro za namna hiyo, njia yenye manufaa ni kumpa rasimu mtu ambaye hakuwapo kwenye kikao cha kamati, aisome yeye kwa sauti huku mwandishi akisikiliza bila karatasi mkononi na bila kumfafanulia lolote. Atakapofika kwenye "Jumamosi" atauliza ni ipi, na atakapofika kwenye swali la mwisho kamati italazimika kuchagua kati ya kulifuta na kulegeza msimamo wake wa kutoahirisha.